Gesi au dizeli kwa foklifti ya ghalani: tupime kwa mizani ya magunia

Wenye maghala hapa Unguja huniuliza foklifti ipi inakula kidogo, ya gesi au ya dizeli. Ulaji ni karibu sawa. Kwa mashine za ukubwa mmoja, kilo moja ya gesi hufanya takriban kazi ya lita moja ya dizeli. Kilo ya gesi ina nguvu zaidi ya lita ya dizeli, lakini injini ya dizeli inaitumia vizuri zaidi nguvu iliyomo, kwa hiyo mwisho wa zamu hesabu zinakaribiana. Pesa hupotea kwingine, na wengi hawapaangalii.

Tuchukue ghala moja la chakula upande wa Mtoni, lenye mchele, unga na mafuta ya kula. Lina foklifti mbili za tani 2.5, moja ya gesi na moja ya dizeli. Zamu ni saa nane, lakini usihesabu saa nane. Soma mita ya saa kwenye dashibodi, asubuhi na jioni. Dereva anasubiri kontena lifunguliwe, hamali wanapanga paleti, watu wanakwenda kuswali na kula. Injini ya kila moja iliunguruma saa tano tu.

Dizeli ni rahisi kuipima. Jaza tangi mpaka shingoni kabla ya zamu, kisha jioni paki mahali palepale kwenye sakafu tambarare, ujaze tena mpaka pale pale. Kilichoingia ndicho kilicholiwa, na hapa ziliingia lita 11.5. Kwa gesi usiamini geji ya mtungi. Ina kiboya ndani, na mtungi ukilala upande kidogo inadanganya. Tumia mizani ya magunia, ghala lolote la chakula linayo. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma cha shingoni, na huu ulikuwa wa kilo 17.4. Asubuhi mizani ilionyesha 32.4, yaani gesi kilo 15 kamili. Jioni ilionyesha 21.6. Zimetumika kilo 10.8, yaani zaidi kidogo ya kilo mbili kwa kila saa ya injini.

Sasa tia bei. Bei kikomo ya dizeli hutangazwa na ZURA kila mwezi, na ya gesi utampigia muuzaji wako, maana inategemea na anavyokufikishia mlangoni. Kwa mfano tu, tuseme dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita na gesi ni 3,800 kwa kilo. Dizeli ya zamu ni shilingi 34,500, na gesi ni 41,040. Ili zilingane, gesi ingepaswa kushuka mpaka karibu 3,200. Weka bei zako mwenyewe, njia ya hesabu ni ileile.

Sasa rudi kwenye ile mizani ya jioni. Mtungini zimebaki kilo 4.2, kazi ya karibu saa mbili. Asubuhi dereva hataki gesi imkatikie katikati ya kontena, kwa hiyo anafunga mtungi mpya, na ule wa jana unarudishwa kwa muuzaji pamoja na mitupu. Muuzaji hakurudishii pesa ya kilichobaki. Kwa bei ya mfano wetu, shilingi 15,960 zimeondoka na gari, mara mbili na zaidi ya tofauti ya 6,540 tuliyokuwa tunabishania. Nikienda ghala lolote, kabla ya kutazama injini naomba kupima mitungi inayosubiri kurudishwa. Hapo ndipo utajua gesi yao ni ghali kwa bei au kwa mazoea.

Dawa yake ni kuanza asubuhi na mtungi wa jana mpaka uishe. Injini itaanza kukohoa na kukosa nguvu kabla ya kuzima. Dereva aliyezoea husema, "Fundi, huyu kashaanza kulia," anashusha mzigo, anatoka nje, anabadilisha. Ikizima mzigo ukiwa juu, uma bado unaweza kushushwa taratibu kwa lever bila injini, ila usukani utakuwa mzito na hutafika mbali.

Kubadilisha kwenyewe kuna utaratibu, na kufanyike nje, mbali na mtaro au shimo lolote. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, inatambaa chini na kujikusanya shimoni. Funga valvu ya mtungi wakati injini bado inawaka, iache imalize gesi iliyo kwenye mpira, ijizime. Vaa glavu, maana tone linalotoka hapo ni baridi ya kuunguza ngozi. Fungua kiungo kwa mkono, bila spana. Laza mtungi mpya hadi pini ya kiti iingie kwenye tundu la shingo. Kabla ya kufunga, tazama ringi ya mpira ndani ya kiungo: ikiwa imepasuka au imebaki kwenye mtungi uliotolewa, gesi itavuja. Fungua valvu polepole, ukiifungua kwa pupa kizuizi cha ndani hudhani mpira umekatika na kinafunga njia. Pitisha maji ya sabuni kwenye kiungo.

Ile pini si ya kushikilia mtungi tu. Mtungi wa foklifti una bomba la ndani linalovuta gesi ikiwa bado maji, na pini huuweka ulalo ambao bomba linafika chini na valvu ya usalama inabaki upande wa mvuke, juu. Nimeona mahali wamefunga mtungi wa jikoni wa kilo 15, wameulaza kichwa chini ili utoe maji. Unafanya kazi, ndiyo. Lakini valvu ya usalama imezama kwenye maji, na jua la mchana likiupandisha presha kitakachomwagika ni gesi ya maji, ambayo hutanuka kuwa wingu kubwa ajabu. Hilo ghala nililikatalia kazi.

Dizeli haina mambo hayo. Kazi yake ni kujaza tangi jioni badala ya asubuhi, kwa sababu tangi lililo nusu hushika unyevu wa usiku na unyevu wa visiwani unaujua, pamoja na kutoa maji kwenye filta. Ubaya wake ni moshi. Foklifti ya ghalani haikai kwenye mzigo mkubwa, inasogea na kusimama, na masizi hutua kwenye magunia. Mchele na unga hushika harufu upesi, na mnunuzi akisikia dizeli kwenye unga hakuna maelezo utakayompa. Gesi haina masizi, ila injini yake ikikosewa marekebisho hutoa kaboni monoksidi isiyoonekana wala kunuka. Dereva akilalamika kichwa kila alasiri, usimpe panadoli, ita fundi apime ekzosi.

Ghala la Mtoni tuliliachia zote mbili: ya gesi kazi ya ndani, ya dizeli uani kwenye makontena. Kwa mwenye ghala Wete, kule Pemba, nilishauri dizeli peke yake. Gesi ni mzigo wa hatari, haipandi chombo chochote tu, na bahari ikichafuka mitungi mitupu itakaa uani huku foklifti imesimama. Alikuwa na mlango mpana pande zote mbili na upepo unapita, kwa hiyo moshi ulivumilika. Tulichomwongezea ni sharti moja: injini izimwe kila dereva anaposhuka.