Rafiki asiyeonekana na zimwi la uvunguni

"Mwanangu ana miaka minne. Usiku hataki taa izimwe, mchana anaongea na mtu nisiyemwona. Je, ni umri tu au kuna jambo?"

Mara nyingi ni umri tu. Hofu ya giza huanza kujitokeza mtoto akiwa na miaka miwili au mitatu, akili inapopata uwezo wa kuunda mtu ambaye hayupo, na rafiki wa kufikirika huzaliwa na uwezo huohuo.

Kinachotutisha watu wazima ni dhana kwamba mtoto hajui kutofautisha kilichopo na kisichopo. Mmoja atasema ni upweke, mwingine atasema jini, wa tatu ataulizia hospitali ya magonjwa ya akili. Marjorie Taylor, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Oregon huko Marekani, amewahoji watoto wengi kuhusu marafiki hawa. Katika utafiti wake wa 2004, takriban asilimia 65 ya watoto walikuwa wamewahi kuwa na rafiki kama huyo kufikia umri wa miaka saba, ukihesabu pia wanasesere waliopewa jina na tabia. Hesabu hiyo ni ya Marekani, isibebwe ilivyo hadi kwenye nyumba ambayo binamu watatu wanalala kitanda kimoja. Lakini jambo moja linafurahisha: katikati ya mahojiano, watoto wengi walimkumbusha mtafiti, bila kuulizwa, kwamba rafiki huyo ni wa kuigiza tu. Walimwonea huruma, pengine. Tena marafiki wenyewe ni wakaidi. Hawaji wanapoitwa, hawataki kuondoka, wanabishana na mwenyewe. Kwa hiyo mtoto akilalamika kwamba Chiku, rafiki yake asiyeonekana, leo amegoma kula mchicha, hiyo peke yake si dalili ya ugonjwa.

Sasa, kama anajua, mbona anaogopa? Mwaka 1991 Paul Harris na wenzake huko Uingereza waliwaonyesha watoto wa miaka minne hadi sita masanduku matupu, kisha wakawaambia wafikirie kwamba ndani ya moja kuna kiumbe. Kwa wengine alikuwa sungura mpole, kwa wengine dubwana la kutisha. Watoto walikubali kwamba sanduku ni tupu. Mtafiti alipotoka, wengi walilisogelea na kulichungulia, na baadhi ya walioambiwa dubwana hawakutaka hata kuachwa peke yao chumbani.

Fikiria embe bichi lililokatwa vipande, limepakwa chumvi na pilipili. Mate yamekujaa, na embe hulioni popote. Hujadanganyika hata kidogo. Ni kwamba mdomo hausubiri uthibitisho, unafuata picha. Mwili wa mtoto gizani hufanya vivyo hivyo: picha ya zimwi ikija, moyo unaenda mbio kabla hajajikumbusha kwamba halipo, na giza limemnyima kitu cha kuangalia ili picha ifutike. Ndiyo maana kumwambia "hakuna kitu humo" hakusaidii sana, maana unamwambia anachokijua. Na ule mtindo wa "usipolala zimwi litakuja" ni kumpa picha hiyo mkononi na kumzimia taa.

Kinachotenganisha kawaida na tatizo ni mtoto kuweza kuuacha mchezo. Muulize kwa utulivu, mchana: "Chiku ni wa kweli au wa kuigiza?" Akicheka, akikonyeza, au akibadili kisa, yumo mchezoni. Jibu la "wa kweli" mara moja lisikushtue. Shtuka akisema anasikia sauti inayomwamuru ajiumize au aumize wengine na hawezi kuikatalia, au akiacha kucheza na wenzake, au akipoteza alichokwisha kujua, kama kuongea au kwenda chooni. Hofu ya giza nayo hupimwa kwa inachoharibu: ikidumu miezi sita au zaidi, ikamnyima usingizi na kumfanya akwepe mambo ya kawaida, mpeleke kwa daktari wa watoto. Na hofu iliyozuka ghafla, yenye nyumba fulani au mtu fulani ndani yake, usiipe jina la hofu ya giza. Fuatilia kwanza huyo mtu.

Kwa hofu ya kawaida kuna tiba ya ajabu kidogo. Huko Israeli, watafiti Kushnir na Sadeh waliwapa watoto wa miaka minne hadi sita wenye hofu kali za usiku mwanasesere wa mbwa. Baadhi waliambiwa mbwa huyo atawalinda, wengine wakaambiwa mbwa ndiye mwoga, wamtunze. Katika matokeo yaliyotoka 2012, hofu ilipungua kwa makundi yote mawili. Kilichosababisha hasa hakijawa wazi, lakini nyumbani jaribio lenyewe halina gharama: kanga iliyofungwa fundo la kichwa inaweza kuwa mbwa mwoga.