Asilimia 64 ya watu 40 ni watu wangapi?

Kuna dogo alinitumia makala kuhusu bodaboda wa mkataba hapa Dar, na aisee ilikuwa tamu, dereva anaamka alfajiri kusaka hesabu ya elfu kumi ya tajiri, mvua ikipiga siku nzima hesabu inadaiwa vilevile, nikaanza hadi kuipangia ukurasa. Shida ikawa namba. Kaandika aliongea na madereva 40, asilimia 64 washanyang'anywa pikipiki kabla mkataba haujaisha, asilimia 71 hawana nakala ya mkataba, asilimia 46 wana mkopo mwingine pembeni.

Chukua kalkuleta. Kwenye watu 40 kila mtu ana asilimia 2.5, na hakuna nusu dereva. Watu 25 ni asilimia 62.5, watu 26 ni 65, sasa 64 imetoka wapi? Njoo kwenye 71, watu 28 ni 70, 29 ni 72.5. Na 46 hivyohivyo, haikai.

Ila usikimbilie kumwita mtu mwongo. Dereva mmoja akikataa kujibu swali, 25 kati ya 39 inakupa 64.1, ukiikata desimali ni 64. Na ukihoji watu mia na kuendelea hesabu hii haikusaidii tena, maana kila asilimia isiyo na desimali inawezekana. Kwahiyo nikamwomba daftari: kila swali walijibu wangapi, na waliosema ndiyo wangapi.

Huku nasubiri nikarudia sentensi yake ya mwanzo, eti "utafiti unaonyesha" Dar ina madereva bodaboda milioni 2. Utafiti wa nani, wa lini, kimya. Sensa ya 2022 inasema mkoa una watu 5,383,728, humo wamo vichanga, wanafunzi na bibi zetu, yaani zaidi ya mtu mmoja kwa kila watatu awe anaendesha boda, abiria watoke wapi?

Jibu likaja: "Shikamoo bosi, yale ni makadirio tu, nilitaka makala iwe na uzito." Daftari hana. Nikamuuliza basi uliongea na nani kweli, akatuma namba za simu za madereva sita. Nikawapigia mwenyewe. Watano wakanisimulia yaleyale aliyoandika, wa sita akasema pikipiki ni yake, hajawahi kuwa na mkataba na mtu.

Mmoja akanitumia picha ya mkataba wenyewe, karatasi imechanwa kwenye daftari la shule, kiasi cha hesabu kipo, sahihi mbili zipo, tarehe ya kumaliza deni haipo kabisa. Hiyo picha peke yake inaeleza tatizo kuliko asilimia zote alizopika, na dogo alikuwa nayo kwenye simu tangu mwanzo, hakuona kama ni habari!

Asilimia zote nimefuta, milioni 2 nayo nimefuta, wa sita nimemtoa. Makala haijatoka bado, nimemrudisha akawatafute matajiri wa hizo pikipiki, maana hakuna hata mmoja aliyeulizwa.