Mstari haupimwi kwa nukta mbili za pembeni

"Nataka mstari unaofuata data zangu. Nikiunganisha nukta ya kwanza na ya mwisho, si nimeshapata mteremko?"

Wengi hufanya hivyo, na mstari wao huonekana safi. Kasoro ni kwamba nukta za katikati hazijaulizwa kitu.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza ndizi sokoni Moshi. Kwa wiki sita, kuanzia wiki ya 1 hadi ya 6, aliuza mikungu 5, 5, 10, 13, 14 na 13. Wastani wa wiki ni 3.5, wa mikungu ni 10. Toa wastani kwenye kila namba: wiki zinabaki -2.5, -1.5, -0.5, 0.5, 1.5, 2.5, mikungu -5, -5, 0, 3, 4, 3. Zidisha jozi kwa jozi, jumlisha: 35. Kisha tofauti za wiki pekee, kila moja kwa kipeo cha pili, jumlisha: 17.5. Gawanya 35 kwa 17.5, mteremko ni 2. Mstari hukata mhimili wa wima kwenye 10 - 2 × 3.5, yaani 3. Kwa x kama wiki na y kama mikungu:

```
y = 3 + 2x
```

Nukta za pembeni zingekupa mteremko wa 1.6.

Hakiki mwenyewe: toa makadirio ya mstari kwenye mauzo halisi. Tofauti ni 0, -2, 1, 2, 1, -2. Jumla sifuri, na vipeo vyake vya pili vinafika 14. Mstari wa pembeni unaacha jumla ya 6, vipeo 22.8. Ukitumia njia ya wastani na jumla isiwe sifuri, umekosea hesabu mahali. Kwangu mara nyingi huwa ni alama ya kutoa iliyosahaulika.