Jalidi kwenye mtungi wa gesi: joto limekwenda wapi?

"Nikipikia jiko kubwa kwa moto mkali, mtungi unakuwa baridi sana na kufanya barafu kwa nje, upande wa chini. Kwa nini? Au gesi inavuja?"

Haivuji. Ndani ya mtungi kuna kimiminika, nacho kinachemka.

Gesi ya kupikia ni propani na butani zilizoshindiliwa hadi zikawa kimiminika. Propani ikiwa katika presha ya kawaida ya hewa huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani karibu na sifuri. Ndani ya mtungi haziwezi kuchemka zikaisha, kwa kuwa mvuke uliokaa juu ya kimiminika unazikandamiza. Ukifungua jiko, mvuke huo unatoka, presha inashuka kidogo, na sehemu ya kimiminika inageuka mvuke ili kuziba pengo.

Kugeuka mvuke kunataka joto. Spiriti inayopakwa mkononi kabla ya sindano hukupa ubaridi kwa sababu hiyohiyo: inapokauka inachukua joto la ngozi yako. Kwenye mtungi, joto linachukuliwa kwanza kwenye kimiminika chenyewe, kisha kwenye chuma kinachokigusa, na mwisho kwenye hewa ya nje. Moto wa jikoni hauchangii chochote, maana uko mwisho wa mpira, mbali na mtungi.

Sasa tupige hesabu. Kilo 1 ya gesi hii inahitaji takriban kilojuli 360 ili igeuke mvuke. Jiko dogo la nyumbani linachoma kama gramu 150 kwa saa, kwa hiyo linadai kilojuli 54 tu kwa saa nzima. Hewa inayouzunguka mtungi inalipa deni hilo bila shida, na ukiugusa utaona umepoa kidogo tu.

Jiko kubwa linalochoma kilo 1.5 kwa saa linadai mara kumi ya hapo. Chukua mtungi mdogo uliobakiwa na kilo 3 za gesi, katika chumba chenye nyuzi 25. Kwa nusu saa zitatoka gramu 750, na joto litakalohitajika ni kilojuli 270. Kimiminika kilichomo pamoja na chuma chake hupoa nyuzi 1 kwa kila kilojuli 10 hivi zinazotoka. Kama hewa isingesaidia kabisa, mtungi ungeshuka nyuzi 27, yaani hadi nyuzi 2 chini ya sifuri. Kwa kweli hewa inasaidia, kwa hiyo kupoa kunachukua muda mrefu zaidi. Lakini hewa ni mpitishaji dhaifu wa joto, na haiwezi kufikia kasi ya jiko hilo.

Barafu unayoiona ni maji ya hewani. Unyevu unagusa chuma baridi na kuwa matone. Chuma kikishuka chini ya sifuri, unaganda na kuwa jalidi. Angalia jalidi inapoishia kwa juu: mara nyingi huo ndio usawa wa kimiminika ndani, kwa sababu mchemko unapoza zaidi chuma kinachoguswa na kimiminika. Ndiyo maana umeiona upande wa chini. Barafu iliyojikusanya sehemu moja tu, kwenye valvu au kiungo cha mpira, ni jambo jingine. Hapo zima, funga valvu, kisha pakaza povu la sabuni uone kama linatoa mapovu.

Ubaridi huu una gharama yake. Kadiri kimiminika kinavyopoa, presha inashuka na moto unalegea. Tena propani hutangulia kutoka, hivyo kinachobaki kinazidi kuwa butani, ambayo karibu na nyuzi sifuri haina presha ya kusukuma chochote hadi jikoni. Mtu anaona moto umekufa, anadhani gesi imeisha, anarudisha mtungi ambao bado una kitu. Upime kwenye mizani, utoe uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa kwenye chuma chake, na utajua kilichobaki. Ukiuacha upumzike ukarudia joto la chumba, moto nao unarudi.

Tiba ni kupunguza kasi ya kuchota: tumia mtungi mkubwa zaidi, au mitungi miwili iliyounganishwa na fundi ili igawane kazi. Uache wazi hewa ipite pande zote. Usiupashe kwa moto wala maji yanayochemka, kwani presha inaweza kupanda haraka kupita kiasi. Wala usiulaze au kuupindua ili "umalizie": kimiminika kitaingia kwenye regulata na mpira, kifike jikoni kabla hakijawa mvuke, na moto ulipuke juu ghafla.