Kwa nini picha husogea polepole kwenye video ya marehemu?

"Je, kwa nini picha kwenye video za msiba husogea polepole, na nikiwa na picha za zamani tu nafanyaje zisitetemeke?"

Picha ikisimama tuli, mtazamaji humaliza kuiangalia mapema, akabaki akingoja inayofuata. Ikisogea kidogo, jicho huifuata, na mtengenezaji ndiye anayeamua jicho litue wapi. Katika programu ya iMovie mwendo huu huitwa "Ken Burns", jina la mtengenezaji filamu wa Marekani aliyeupa umaarufu.

Chukua picha ya harusi ya zamani, ya sentimita 10 kwa 15, bibi akiwa kati ya mashoga zake watatu. Anza na wote wanne, umalizie karibu kidogo na uso wa bibi. Ukubwa uongezeke asilimia 8 tu kwa sekunde 8. Ukizidisha hapo, video inaanza kufanana na tangazo la biashara.

Kutetemeka mara nyingi hutokana na picha ndogo: pikseli ni chache, kwa hiyo kila hatua ya mwendo inaonekana kama kuruka. Skani picha hiyo kwa nukta 600 kwa inchi, utapata takriban pikseli 3,600 kwa 2,400, ilhali video ya kawaida inahitaji 1,920 kwa 1,080. Huna skana? Ilaze picha karibu na dirisha, zima flashi, simu iwe sambamba nayo. Ndugu walio mbali watume picha kwa WhatsApp kama dokumenti, maana zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa. Na ile ndogo ya kitambulisho isiyookoleka, iache isimame. Haina ubaya.

Sasa muziki, ambapo wengi huharibu. Usibadilishe picha kwa kufuata ngoma. Fuata pumzi ya kwaya. Mstari wa wimbo wa taratibu ukichukua sekunde 8, picha mpya iingie mstari unapoisha, ikiyeyuka juu ya ile ya awali kwa sekunde moja na nusu hivi. Wimbo wa dakika 4 basi unabeba picha 30. Familia itakuletea 120, na kila shangazi atataka yake iwemo. Ukikubali zote, kila uso utapata sekunde 2, na hakuna atakayemwona marehemu vizuri. Zilizobaki zibandikwe ubaoni penye kitabu cha rambirambi. Kwa familia zisizotaka muziki msibani, kama zilivyo nyingi za Kiislamu, uliza kwanza hata kama video yenyewe inatakiwa.

Picha ya mwisho isisogee kabisa. Sauti ififie kwa sekunde 5, kisha acha giza tupu la sekunde 10, ili mwendesha projekta awahi kusimamisha. Niliwahi kushuhudia kompyuta ikirukia faili lililofuata, na lilikuwa la harusi.