Shairi la siku ya mlipakodi sokoni, na hesabu iliyo ndani yake

Mashairi mengi ya kodi yanagombeza tu, lipa lipa lipa, halafu mtu anarudi kwenye meza yake bila kujua alipe nini. Hili la kughanwa sokoni sisi wa elimu kwa mlipakodi tumelifunga kwenye kitu kimoja tu, kodi ya ongezeko la thamani, maana hapo mnunuzi na muuzaji wote wana wajibu.

*Ewe wetu mnunuzi, usiiache risiti,*
*Kodi si ya mchuuzi, kaishika kwa wakati,*
*Akiila huo wizi, hata iwe ni ya senti,*
*Kodi yetu soko letu, tulipe pasi kusita.*

*Nawe wa duka, jamani, usiogope hesabu,*
*Uliyotoa mwanzoni, itoe kwenye jawabu,*
*Itabaki mkononi, ndiyo ya kulipa, babu,*
*Kodi yetu soko letu, tulipe pasi kusita.*

Ubeti wa kwanza watu wanaushika haraka, wa pili ndo unaleta maswali, kwa hiyo mghani asimame kidogo hapo na mtu wa kodi aweke hesabu. Tuseme kiwango ni 10 kwa mia, nimechagua hicho kwa urahisi tu. Mwenye duka ananunua mzigo wa 1,000 kwa jumla na juu yake analipa kodi 100, akija kuuza anauza 1,500 na kodi 150, mteja anatoa 1,650. Sasa ile 150 hapeleki yote, anatoa 100 aliyolipa kule mwanzoni anapeleka 50 tu. Ile 100 mtu wa jumla naye anaiwasilisha, akishatoa ya kwake aliyolipa alikonunua.

Lakini angalia, ili aitoe ile 100 lazima awe na risiti halali ya manunuzi. Akikubali lugha ya "bila risiti nakupunguzia", ushahidi hana, basi 150 yote inamwangukia, na punguzo alilopewa linaweza kuliwa lote hapo. Binafsi naona hili linamgusa mfanyabiashara kuliko hotuba yoyote ya uzalendo.

Mteja naye akipewa risiti aisome, jina la muuzaji, namba ya mlipakodi, tarehe, na kiasi kilekile alichotoa. Ukilipa 1,650 ukakuta imeandikwa 650 ujue sehemu ya kodi yako imebaki mfukoni mwa mtu, irudishe palepale ubadilishiwe.

Ila jamani shairi lisiwageukie wauza mboga wa chini. Asiyesajiliwa kwa kodi hii haruhusiwi kuitoza, na nchi nyingi zimesamehe vyakula vingi visivyosindikwa. Ule ushuru wa meza wanaolipa ni kitu kingine kabisa, unaenda kwa wanaosimamia soko, na wauza mboga hao pia wana haki ya kupewa stakabadhi yake.