Tangazo la chumba na sebule: mpangaji aone nyumba ileile aliyoisoma

Hapa Dar, mpangaji mara nyingi humlipa dalali hela ya kuonyeshwa nyumba, elfu kumi au zaidi, kabla hata hajaona geti. Tangazo likiwa limetiwa chumvi, hela hiyo anaitupa, nawe uliyelitoa unabaki na simu nyingi na nyumba tupu. Nitatumia mfano wa chumba na sebule, choo ndani na jiko dogo, Kimara Korogwe, kodi 250,000 kwa mwezi.

Nianze na ukubwa, maana ndipo watu wengi hujikwaa bila hata kukusudia. Mwenye nyumba atakwambia chumba ni futi 10 kwa 10 kwa sababu ndivyo fundi alivyopanga msingi, akipima kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta mwingine. Toa unene wa tofali la inchi 6, toa na plasta, ndani unabaki na kama futi 9 na nusu. Basi chukua futi kamba, pima kutoka plasta hadi plasta, uandike hicho ulichokipata.

Halafu geuza kipimo kiwe kitanda, maana mpangaji anawaza kitanda chake. Godoro la 5 kwa 6 pamoja na fremu huchukua kama futi 5 na nusu za upana. Ubavuni zinabaki futi 4: kabati la kina cha futi 2 linakaa, na zinabaki futi 2 za kupita. Ukiingiza kitanda cha 6 kwa 6 kwenye chumba hichohicho, baada ya kabati unabaki na futi moja tu, na milango ya kabati haifunguki. Sentensi ya tangazo inakuwa hivi: “Kinaingia kitanda cha 5 kwa 6 na kabati.” Mwenye 6 kwa 6 atajua mwenyewe kwamba hapamfai, na hujampotezea muda.

Umbali nao una ujanja wake. “Dakika 5 kutoka barabarani” kwa kawaida ni dakika za bodaboda. Mtu anayetembea mwendo wa kawaida huenda kama mita 80 kwa dakika, kwa hiyo mita 800 ni dakika 10 mahali tambarare. Kimara ina milima na mabonde. Nyumba ikiwa bondeni, kushuka jioni ni rahisi, shughuli iko asubuhi kupanda kwenda kituo cha mwendokasi. Tembea mwenyewe kwa kupanda na uandike dakika hizo. Kama njia ni ya udongo na mvua ikinyesha bajaji hazishuki, liseme hilo pia.

Maneno “ya kisasa” na “kali sana” mimi nayafuta yote, kwa sababu kila tangazo linayo na hayamwonyeshi mtu kitu. Andika kinachoonekana: marumaru sakafuni, gipsam, madirisha ya aluminiamu yenye nyavu, sinki jikoni. Chumba kiitwe masta pale tu mlango wa choo unapofungukia ndani ya chumba. Choo kikiwa koridoni, sema koridoni.

Umeme na maji huulizwa kwenye kila simu, kwa hiyo vijibu mapema. LUKU ni ya peke yake, au mnachangia kwa submita? Maji ya DAWASA yakikatika kuna tangi la lita ngapi, linagawiwa na wapangaji wangapi? “Maji masaa 24” usiiandike kama hujui jibu la hilo la pili.

Kwa upande wa hela, taja jumla ya kushika mkononi, si kodi peke yake. Miezi 6 ni 1,500,000. Ukiongeza ya dalali ya mwezi mmoja inakuwa 1,750,000. Mtu mwenye milioni moja na nusu kamili asije akagundua pengo hilo akiwa mlangoni.

Tangazo zima, basi:

“Chumba na sebule, Kimara Korogwe. Chumba futi 9.5 kwa 9.5, kinaingia kitanda cha 5 kwa 6 na kabati. Choo koridoni, ndani ya nyumba. Jiko dogo lenye sinki, halina kabati. Marumaru, gipsam, madirisha yenye nyavu. LUKU yako peke yako. Maji ya DAWASA, tangi la lita 1,000 kwa wapangaji wawili. Dakika 12 kwa mguu hadi kituo cha mwendokasi, njia ya udongo yenye mlima. Hakuna maegesho ya gari. Kodi 250,000, miezi 6, dalali mwezi mmoja, jumla 1,750,000.”

Kasoro zimo nne: choo cha koridoni, jiko lisilo na kabati, njia ya udongo yenye mlima, na kukosa maegesho. Usizirundike mwishoni kama mtu anayeungama. Kila moja ikae kwenye sentensi ya jambo lake. Picha nazo zipigwe kwa kamera ya kawaida ya simu, si ile ya 0.5x, maana hiyo hukipanua chumba na futi ulizopima zinaonekana za uongo.

Nyumba ikishachukuliwa, futa tangazo siku hiyohiyo.